TANGAZO: SENDOFU YA BINTI YETU IMEHAMIA UKUMBI WA USHARIKA, MAJENGO, NA SASA INAANZA SAA 9 ALASIRI

Moshi, Alhamisi, 23 Aprili 2026

Ndugu, jamaa, marafiki na wakwe zetu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum.

Sherehe ya kumuaga binti yetu iko palepale Jumamosi hii, tarehe 25 Aprili. Kilichobadilika ni mahali na saa. Hatutakuwa tena kwenye bustani kule Rau kama kadi inavyosema. Tutakutana Majengo, ukumbi wa usharika, ndani ya uzio wa kanisa la KKKT. Milango itafunguliwa saa 8 mchana na binti ataingia ukumbini saa 9 kamili alasiri. Ile saa 12 jioni iliyoandikwa kwenye kadi isahauni kabisa.

Sababu ni mvua. Jana usiku mto Rau umevuka kingo, na asubuhi wajumbe wa kamati walipokwenda kukagua, nusu ya bustani ilikuwa chini ya maji na sehemu ya kuegesha magari imegeuka tope tupu. Wapo waliotushauri tusubiri kwa sababu mjini leo jua limewaka. Lakini mto huu unajazwa na mvua ya huko juu mlimani, na Uru bado kunanyesha. Hatuwezi kuwakalisha wazee wetu chini ya turubai huku tunautazama mto. Mwenye bustani ametuelewa na ameturudishia fedha yote, tunamshukuru sana.

Kuahirisha pia tulikufikiria. Ndoa inafungwa Arusha Jumamosi ijayo, tarehe 2 Mei, na baada ya Pasaka kila ukumbi hapa mjini umeshachukuliwa. Tena mbege imeshatiwa ulezi, na mbege haina subira.

Tumerudisha muda nyuma kwa sababu mbili. Ukumbi unatakiwa uwe mtupu ifikapo saa 2 usiku, upangwe kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Na wengi wenu mnarudi Uru, Kibosho na Old Moshi, ambako utelezi wa kipindi hiki mnaujua wenyewe. Tungependa kila mmoja apande kwao mapema. Kwa hiyo tunawasihi sana: saa 9 ni saa 9. Mshereheshaji ameagizwa aanze na waliopo, na ndafu itaingia kabla ya saa 11.

Wakwe zetu mnaotoka Arusha, tunajua ni kilomita kama 80 na mvua hii inapunguza mwendo, basi tunawaomba muondoke saa 5 asubuhi. Mkifika mzunguko wa YMCA ingieni mjini hadi Mnara wa Saa. Vijana wetu watakuwa hapo kuanzia saa 7 mchana, wamevaa fulana nyeupe na skafu za kitenge cha sare ya familia. Watawaongoza hadi ukumbini. Hatutaanza kumwingiza binti kabla hamjakaa kwenye viti vyenu; ninyi peke yenu ndio mtakaosubiriwa.

Wanaotumia daladala, pandeni za Majengo na mwambieni kondakta awashushe kanisani. Wenye magari, nafasi ndani ya uzio ni ndogo, tumewaachia wazee na wenye shida ya kutembea.

Kadi ni zilezile, za dabo na za singo, njooni nazo. Ukumbi ni mdogo kuliko bustani, kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu kadi ya singo ije na mtu mmoja. Chakula hakijabadilika, na nyama yote inachinjwa na ndugu Mwislamu.

Jambo la mbege limetusumbua kuliko yote, kwa kuwa ukumbi wa kanisa hauruhusu pombe ya aina yoyote, na sisi hatuwezi kumtoa binti bila wazee kushika kata. Baba mkubwa wa bibi harusi ameamua vizuri: wazee wa pande zote mbili watakunywa mbege ya baraka nyumbani kwa babu, Uru, Jumapili tarehe 26 baada ya ibada. Wakwe mtakaolala Moshi, mmekaribishwa kwa heshima zote. Tafadhali mtu yeyote asije na chupa ukumbini.

Ukiisoma taarifa hii, mpigie aliye karibu nawe ambaye hana simu ya intaneti, hasa shangazi na bibi zetu wa Marangu na Rombo, ambao huanza safari alfajiri na wangefikia Rau. Wajumbe wa kamati nao wanapiga simu tangu mchana. Ukikwama njiani, tumia namba zilizo nyuma ya kadi yako. Zitakuwa hewani siku nzima.

Njooni na miavuli.

Katibu wa Kamati ya Sendofu,
kwa niaba ya wazazi wa bibi harusi