Kuhusu ripoti ya Neema: nafasi ya 12 kati ya 60

Habari zenu Baba na Mama Neema. Ripoti naamini mmeshaiona na macho yamekimbilia pale kwenye nafasi, wa 12 kati ya 60, na muhula uliopita alikuwa wa 8. Jana Neema aliniuliza kama nyumbani atagombezwa, ndo maana nimeona niwaandikie mapema kabla hamjakaa naye.

Hiyo 12 maana yake watoto 11 wana jumla kubwa kuliko yake, mmoja wamelingana kabisa (wote wawili wameandikwa wa 12, anayefuata ni wa 14), na 47 wako nyuma yake. Yuko kwenye ile sehemu moja ya tano ya juu ya darasa. Si kufeli jamani.

Halafu nafasi inaonesha tu nani kamzidi nani kwenye mtihani huu, haioneshi mtoto anajua nini. Angalieni wastani: muhula uliopita alipata 66, sasa hivi ana 71. Kapanda alama tano lakini kashuka nafasi nne, kwa sababu darasa zima limepanda, wastani wa darasa ulikuwa 49 sasa ni 57, na kule juu wamebanana kwelikweli, wa 7 ana 73 na wa 18 ana 69, yaani watoto kumi na mbili wako ndani ya alama nne tu, ukikosa swali moja mbili unateleza nafasi kadhaa. Kwa hiyo mkimwambia ameshuka mtakuwa mnamwonea, maana kazi ameifanya na alama zimeongezeka.

Mimi ningependa mkae zaidi kwenye mstari wa Hisabati. Kiswahili 84, Kiingereza 77, Sayansi 76, Jiografia 66, Hisabati 52. Angepata 62 tu kwenye Hisabati angelingana na huyo wa 7, lakini hata bila hesabu za nafasi hiyo 52 inanisumbua kwa sababu namjua, uwezo anao. Nimepitia karatasi yake swali kwa swali. Kuzidisha na kugawanya yuko vizuri, anapokwama ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, 1/2 + 1/3 anaandika 2/5, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na haoni kwamba jibu limekuwa dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Maswali ya mafumbo nayo anayaruka kabisa, ameacha matatu wazi.

Nimempa daftari la mazoezi, maswali manne kila siku. Hamna haja ya kumfundisha, mwambieni tu awaeleze kwa mdomo amepataje jibu, akikwama wekeni alama pembeni nitamalizana naye darasani. Na tafadhali msimlinganishe na yule aliyekuwa wa kwanza, hilo linamuumiza sana.

Ijumaa baada ya vipindi nipo, mkipata nafasi njooni tuione karatasi pamoja, na yeye awepo.

Mwalimu wake wa darasa