Nyuki Wasihame

Mwongozo wa ufugaji nyuki na uzalishaji wa asali kwa mfugaji mdogo, kuanzia mzinga wa kwanza hadi chupa ya kuuza

Kategoria: Kilimo na Ufugaji / Ufugaji Nyuki

Umetundika mizinga kumi, mitatu ikapata nyuki, na kufikia kiangazi umebaki na mmoja. Jirani anakwambia una mkosi. Fundi aliyekuuzia anakwambia ununue mingine.

Kabla hujatoa hela tena, soma kitabu hiki. Nyuki wa Afrika ana desturi ya kuhama, na hahami bila sababu: njaa baada ya maua kwisha, maji kuwa mbali, jua linalochoma mzinga mchana kutwa, siafu, nyegere, au mrinaji aliyefagia masega yote pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Sababu nyingi kati ya hizo zinazuilika kwa waya, grisi, kivuli na subira. Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kundi likae.

Mimi hufuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora, kwenye misitu ya miyombo, ambako wazee bado wanarina kwa mizinga ya magome na magogo. Siidharau mizinga hiyo. Ina sura yake nzima humu, pamoja na namna ya kuirina bila kuua kundi. Lakini sehemu kubwa ya kitabu inahusu mizinga ya kisasa ya mbao, ile ya viunzi vya juu na ile ya masanduku, kwa kuwa hapo ndipo wanaoanza hupoteza fedha. Chukua mfano wa kiunzi cha juu, ule ubao mwembamba ambao nyuki hujenga sega chini yake. Kwa nyuki wetu kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32. Seremala akikadiria kwa jicho akakupa 40, nyuki watajenga masega kwa kukatisha kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na siku ya kukagua utayararua yote. Vipimo vyote vimo, pamoja na michoro unayoweza kumpelekea fundi kwenye simu.

Utajifunza kuchagua eneo la manzuki, yaani mahali pa kuweka mizinga, kupaka nta mzinga mpya ili uvutie kundi, kutumia bomba la moshi bila kuwatia nyuki kichaa, na kusoma sega kwa kujua siku ambazo yai huchukua hadi nyuki kamili kutoka: 16 kwa malkia, 21 kwa mtenda kazi, 24 kwa dume. Ukizijua namba hizo tatu, utafungua mzinga na kujua malkia alikuwepo lini hata kama hujamwona kwa macho.

Sura ndefu kuliko zote ni ya asali yenyewe. Kwa nini urine sega lililofunikwa kwa nta, kwa nini maji yakizidi asilimia 20 asali huchacha ikiwa kwenye ndoo, kwa nini usiichemshe jikoni ili ionekane laini. Pia nimeeleza jambo linalowapotezea wauzaji wateja kila mwaka: asali kuganda si dalili kwamba imetiwa sukari. Huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo. Vipimo vya mtaani vya njiti ya kiberiti na glasi ya maji navyo nimevijadili, na mteja atakayekubishia utakuwa na la kumjibu. Nta ina sura fupi, nayo mazao mengine, chavua na gundi ya nyuki, yamepata kurasa chache tu. Kwa mwenye mizinga mitano si ya kukimbilia.

Hutakuta humu hesabu za kukuonyesha kwamba mizinga 100 itakufanya tajiri mwakani. Mavuno hutegemea mvua, maua na uangalizi, na anayekuahidi ndoo kadhaa kwa kila mzinga hajauona msitu wako. Kuna kurasa za kutunza kumbukumbu za gharama na mauzo, ujaze namba zako mwenyewe.

Kinawafaa wanaoanza, vikundi vya akina mama na vijana, maofisa ugani, na wakulima wa alizeti au maembe wanaotaka uchavushaji shambani. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini mfugaji wa Kitui au Baringo atatumia karibu kila ukurasa, isipokuwa sehemu ya vibali, inayofuata Sheria ya Ufugaji Nyuki ya Tanzania ya mwaka 2002. Ikiwa unatafuta ufugaji wa nyuki wadogo wasiouma, hiki sicho. Nimewagusa kwa kurasa mbili tu.

Kurasa 148, michoro 36. Kinasomeka kwenye simu, kompyuta na kishikwambi, na ukishakipakua hakihitaji bando. Sura ya kwanza, inayohusu sababu za nyuki kuhama, unaweza kuisoma bure kwa kubonyeza "Soma sampuli".