Nusu ya Kadi

Mfuko wa nafaka ulimkata vidole Mama Salma tangu langoni mwa soko hadi safu ya wauza nguo. Kila alipotaka kuchagua kitu ilibidi autue, aubane kwa miguu, ainame huku jicho moja likiulinda. Siku hiyo alipoinuka, alikuta kifurushi cha mboga kimepondwa na mkokoteni. Mwenye mkokoteni alishapita zamani.

"Pole mama," muuza nguo akamwambia. "Wateja wangu wengi hata kujaribu nguo hawajaribu. Mikono imejaa. Wanatazama tu, wanapita."

Neno hilo lilimwingia. Marehemu mumewe alipokuwa hai walikuja wote; yeye akichagua, mume akisimama pembeni na mizigo, akipiga soga na yeyote aliyepita. Sasa alitazama njia nzima: huyu ana mtoto mgongoni na kapu kichwani, yule anaburuta gunia. Wote hawakuwa na mtu wa kuwasimamia mizigo.

Akamwendea mwenyekiti wa soko kuomba nafasi ya mabenchi mawili karibu na lango, awashikie watu mizigo kwa malipo.

"Kikipotea kitu je?"

"Nalipa mimi. Ndiyo maana sipokei pesa wala simu. Na mzigo mwenyewe anaufungua mbele yangu, tuone kilichomo."

Usiku alikata maboksi kuwa kadi. Kila kadi aliiandika namba mara mbili, kisha akaipasua katikati kwa mkasi, mkato wa kwenda kombo, hakuna kadi iliyofanana na nyingine. Nusu inafungwa kwenye mzigo, nusu anaondoka nayo mwenye mzigo. Namba mtu anaweza kuiiga. Mkato ule, thubutu!

Siku za mwanzo mabenchi yalikaa matupu. "Nani atakulipa kwa kukodolea macho vikapu vya watu?" shemeji yake akauliza. Hakumjibu. Wa kwanza kumjaribu walikuwa wanawake wenye watoto wachanga.

Kisha akaja mwanamume na nusu ya kadi, namba tisa. "Mke wangu kanituma."

Mama Salma akazilaza nusu mbili mezani, akazisogeza. Meno ya mkato hayakukutana.

"Mwambie mkeo aje mwenyewe."

"Mama, unanidhania mwizi?"

"Sijasema hivyo. Nimesema aje mwenyewe."

Mtu yule akaondoka akifoka. Mwenye kapu alipofika, kadi yake ikajibana na nusu ya pili bila kuacha mwanya. Aliposimuliwa yaliyotokea, alizunguka soko zima akiyatangaza, na kufikia mwisho wa mwezi Mama Salma alikuwa akiomba benchi la tatu.

Muuza nguo naye akaja. "Wateja wangu nitawalipia mimi. Wakija mikono mitupu, wananunua."

Mama Salma akavuta daftari. "Wangapi kwa siku? Na utanilipa kila jioni, au kila wiki?"