Testi imeshapita

Grupu letu la darasa lina watu 120 na mie nililimyuti usiku wa Alkhamisi, saa tano na nusu bibi keshalala na simu inalia ti ti ti, mara Simba na Yanga, mara stika, mtu katuma vois ya dakika nne anacheka tu. Nikabonyeza Mute notifications, nikachagua Always, nikalala.

Na ndo msimu wa karafuu huu. Ijumaa mpaka Jumapili nyumbani kwetu Wete sote tuko jamvini tunachambua, unakamata kishada unakisokota kiganjani, karafuu huku makonyo huku, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata uoshe na sabuni, na wingu likitanda tu mnakimbilia kuanua zile zilizokwisha anikwa. Simu iko juu ya kabati kimyaaa. Nikajua darasa limetulia.

Jumatatu nikapanda 606 kwenda Chake, kipindi changu saa tano. Kufika naona wenzangu wametoka wamejazana chini ya mwembe wanabishana swali la tatu.

"Swali la tatu la nini?"

Shoga yangu akanikodolea macho. "We ulikuwa wapi? Testi si imeletwa mbele! Ilikuwa Jumatano ikawa leo saa mbili."

Wallahi miguu iliniisha nguvu. Nikafungua grupu, meseji 612, nikapandisha weee mpaka nikaiona, Jumamosi saa 3:14 usiku, mistari miwili tu, juu yake stika ya paka na chini yake mtu anauza ubuyu. Halafu sawa, sawa, sawa, watu thalathini hivi. Nilimyuti mwenyewe, hilo nalikubali, lakini testi ya alama 20 haifai kutangazwa pahala panapouzwa ubuyu, japo karatasi moja ingebandikwa ubaoni pale mlangoni.

Nikamfata mwalimu ofisini. Hakunigombeza, na hilo ndo lililonitoa machozi.

"Tangazo lilitoka, mwanangu. Andika barua kwa mkuu wa idara, ueleze sababu."

Nje shoga yangu ananivuta mkono, "Sema uliumwa, cheti hakikosekani." Ananitakia kheri, najua, na alama 20 si mchezo, bibi anauza karafuu zile zile anilipie ada. Nikakaa barazani nikaandika "nilikuwa naumwa", nikaitazama ile sentensi, nikaona namna bibi atakavyoniuliza naumwa nini na wakati siku tatu tulikuwa naye jamvi moja. Nikachana. Karatasi ya pili nikaandika: sikuliona tangazo, nililimyuti grupu, naomba nifanyishwe testi.

Karatasi inanukia karafuu. Nimeipeleka hivyo hivyo, leo Alkhamisi bado sijajibiwa, na grupu nimelifungulia, linalia hapa pembeni yangu usiku kucha.