Ankara Na. 031/2024: malipo ya awamu ya kwanza, nembo na lebo za viungo (TSh 450,000, mwisho 21 Oktoba)

Kwa: Mama Zuhura, Mwenyekiti
Nakala: Katibu, Mweka Hazina
Tarehe: Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Viambatanisho: ankara (PDF, ukurasa mmoja), picha za nembo na lebo tano zilizopitishwa

Shikamoo Mama Zuhura,

Habari za Muheza? Natumaini kikundi kizima hamjambo, na kwamba mvua hizi za vuli hazijaukuta uani ule mdalasini mliokuwa mmeanika siku nilipokuja.

Nakuandikia kuhusu malipo ya awamu ya kwanza ya kazi ya nembo na lebo. Kiasi ni TSh 450,000, nusu ya zile TSh 900,000 tulizokubaliana, na naomba yawe yamefika ifikapo Jumatatu, 21 Oktoba 2024. Ankara nimeiandika hapa chini, na PDF yake nimeiambatanisha ili katibu aichape na kuiweka kwenye faili.

Mkataba wetu unasema nusu ya kwanza italipwa kikundi kikishapitisha michoro. Alhamisi iliyopita, tarehe 3, ulinijibu kwamba wanachama wamezipitisha lebo zote tano pamoja na nembo, ndiyo maana naileta ankara leo. Nusu iliyobaki bado haidaiwi. Hiyo itasubiri mpaka mchapaji atoe sampuli, muishike mkononi, na mseme imekaa sawa.

Nimeituma leo makusudi ili iwahi mkutano wenu wa Jumamosi tarehe 12. Najua fedha ya kikundi haitoki bila kikao, na kwamba benki wanataka saini za watu watatu, mmoja wao akiwa Amani ambako kushuka mpaka mjini ni safari ya siku. Halafu Jumatatu tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, benki zitakuwa zimefungwa. Kwa hiyo kama mkutano utaridhia Jumamosi, siku ya karibu ya kwenda benki ni Jumanne tarehe 15, na mtakuwa na siku tano za kazi mpaka tarehe ya mwisho. Sikutaka kuweka tarehe ambayo ingewalazimisha kukimbizana.

Ili kumpunguzia katibu kazi, hili hapa ni fungu anaweza kulisoma kwenye mkutano au kulinakili kwenye muhtasari kama lilivyo:

"Mkutano umepokea Ankara Na. 031/2024 ya tarehe 7 Oktoba 2024 kutoka kwa mbunifu wa nembo na lebo. Ankara inadai TSh 450,000 (shilingi laki nne na elfu hamsini tu), ikiwa ni awamu ya kwanza kati ya mbili za kazi yenye thamani ya TSh 900,000. Michoro ya nembo na lebo tano ilipitishwa na wanachama na mbunifu akajulishwa tarehe 3 Oktoba 2024. Mkutano umeridhia mweka hazina alipe kiasi hicho kisizidi tarehe 21 Oktoba 2024."

Mtu akiuliza fedha inalipia nini, mfungulieni zile picha nilizoambatanisha. Ipo nembo yenyewe, na zipo lebo za iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu na mchanganyiko wa pilau. Mabadiliko ya lebo ya pilipili manga, ile ambayo Bi Mwanaidi alisema rangi yake inafanana mno na ya karafuu mtu akiiona kwa mbali dukani, sikuyatoza. Na alisema kweli. Sasa pilipili manga ina ukanda wa kijani juu, karafuu imebaki na nyekundu iliyoiva, na hata kwenye rafu ya juu hazichanganyi macho.

Mtaona pia kila lebo ina sehemu mbili nyeupe upande wa nyuma. Zisiwatie shaka, si kazi iliyosahaulika. Ile ya chini kulia ni ya mistari ya namba ya bidhaa inayosomwa na mashine za supamaketi. Namba zenu mkishazipata GS1 Tanzania, zile zinazoanza na 620, nitaziingiza bila malipo ya ziada. Ile ya juu yake ni ya alama ya ubora ya TBS. Alama hiyo hairuhusiwi kuchapwa kabla ya leseni kutoka, kwa hiyo nimeacha nafasi yenye vipimo vyake na si zaidi. Tarehe ya kufungasha, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo mtazigonga wenyewe kwa muhuri, nafasi yake ipo pembeni mwa uzito.

Sasa namna ya kulipa. Iliyo bora kwenu ni benki, kutoka akaunti ya kikundi kwenda akaunti yangu, kwa sababu inaacha kumbukumbu safi kwenye vitabu vyenu na wakaguzi hawatakuwa na la kuuliza. Mkiona M-Pesa ni rahisi zaidi, nayo naipokea, na msiongeze ya kutolea; hiyo ni juu yangu. Kwenye sehemu ya maelezo ya malipo andikeni tu "Ankara 031".

Namba ya akaunti na namba ya simu ya kupokelea sikuziandika kwenye barua hii, na nina sababu. Ni zile zile zilizo kwenye mkataba tuliotia saini, kifungu cha 6, ukurasa wa pili, na nakala anayo mweka hazina. Hazijabadilika na sitazibadilisha kwa ujumbe. Wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku hizi zinakuja mpaka kwa barua pepe. Ikitokea mtu akawaandikia kwa jina langu akitaka mlipe kwingine, hata kama anaijua namba ya ankara, nipigieni kwanza mnisikie sauti. Jina litakalotokea kwenye simu au benki kabla ya kuthibitisha lazima liwe lile lile la kwenye mkataba. Likiwa tofauti, sitisheni.

Kuhusu kodi, mambo ni mawili na ni mafupi. Sijasajiliwa VAT, kwa hiyo hakuna 18% ya kuongeza juu ya kiasi hiki. Na kama mhasibu anayewasaidia huwa anakata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, ni 5%: atakata TSh 22,500 na kunilipa TSh 427,500. Hilo halina tatizo kabisa, nitaihesabu ankara imelipwa yote, ila ninaomba cheti cha zuio baada ya kuiwasilisha TRA, maana nami nakihitaji kwenye hesabu zangu za mwaka. Kama hamkati, nilipeni TSh 450,000 kamili.

Mkishalipa, mweka hazina anitumie picha ya stakabadhi ya benki au ujumbe wa M-Pesa kwa WhatsApp. Risiti ya EFD nitaitoa siku hiyo hiyo fedha ikiingia. Picha yake itakuja kwa WhatsApp, na ile ya karatasi nitaituma kwa basi la Muheza pamoja na sampuli za rangi. (Karatasi ya EFD hufifia ikikaa juani, kwa hiyo itoeni nakala mapema kabla haijaingia kwenye faili.)

Kazi kwa upande wangu haijasimama. Wiki hii nazigeuza faili ziwe za kuchapia, kwa sababu rangi zinazoonekana kwenye simu sizo zinazotoka kwenye mashine, na ile njano ya mchanganyiko wa pilau hasa inapenda kugeuka kuwa ya udongo. Awamu hii ikishakamilika, faili zinakwenda kwa mchapaji wa Tanga mliyemchagua, na yeye aliniambia anahitaji siku chache tu kutoa sampuli ya kwanza. Kwa mwendo huo, pakiti zenye sura mpya zinaweza kuwa dukani kabla ya watu kuanza manunuzi ya Desemba.

Kama kuna jambo kwenye ankara halikukaa sawa, iwe ni jina, hesabu, au kitu ambacho mweka hazina anataka kiandikwe kwa namna nyingine, niambieni kabla ya Jumamosi nami nitairekebisha na kuirudisha siku hiyo hiyo. Na kama mfuko wa kikundi kwa sasa umebanwa na ununuzi wa iliki, usisite kuniambia, Mama. Ni heri nijue wiki hii tupange tarehe nyingine, kuliko mweka hazina kukaa na wasiwasi na mimi kukaa nasubiri. Simu yangu iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na WhatsApp hata usiku.

Nisalimie wote, na umwambie Bi Mwanaidi jicho lake limeiokoa lebo ya pilipili manga.

Wako,
Hamisi
Mbunifu wa nembo na vifungashio, Dar es Salaam

---

ANKARA

Namba: 031/2024
Tarehe ya kutolewa: 7 Oktoba 2024
Tarehe ya mwisho ya kulipa: 21 Oktoba 2024
Kutoka kwa: Hamisi, mbunifu wa nembo na vifungashio, Dar es Salaam
Kwenda kwa: Kikundi cha wasindikaji wa viungo, Muheza, Tanga (kwa Mwenyekiti)

Kazi yote kwa mujibu wa mkataba:

Nembo ya kikundi, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe: TSh 300,000
Lebo tano za pakiti (iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, mchanganyiko wa pilau), kila moja TSh 100,000: TSh 500,000
Kuandaa faili za kuchapia na kusimamia sampuli kwa mchapaji: TSh 100,000
Jumla ya mkataba: TSh 900,000

Mabadiliko ya rangi, lebo ya pilipili manga: bila malipo
VAT: haihusiki

Inayodaiwa sasa, awamu ya kwanza (50%): TSh 450,000
Kwa maneno: shilingi laki nne na elfu hamsini tu
Kama kodi ya zuio ya 5% inakatwa: zuio TSh 22,500, ya kulipa TSh 427,500

Itakayobaki, awamu ya pili: TSh 450,000. Italipwa baada ya kikundi kuikubali sampuli ya mchapaji, kwa ankara yake.

Malipo: benki au M-Pesa, kwa namba zilizo kwenye mkataba, kifungu cha 6
Maelezo ya malipo: Ankara 031
Gharama za mchapaji hazimo kwenye ankara hii. Kikundi kitamlipa mchapaji moja kwa moja.