Barua ya Maombi ya Kazi: Fundi Mkuu wa Mitambo ya Baridi

Festo A. Mgaya,
Kihesa,
Iringa.
12 Januari 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Kituo cha Kufungashia Parachichi,
Makambako,
Mkoa wa Njombe.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KAZI YA FUNDI MKUU WA MITAMBO YA BARIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nafasi iliyotangazwa kwenye ubao wa halmashauri mjini Makambako wiki iliyopita. Tangazo linasema mnahitaji mtu "mchangamfu, mwenye ujuzi wa kisasa, anayeweza kufanya kazi usiku wakati wa msimu". Nimezaliwa mwaka 1971, kwa hiyo nina miaka 54. Nimeitaja namba hiyo mapema ili msije mkaigundua kwenye wasifu wangu mkadhani nilitaka kuificha. Naomba sasa niwaeleze kwa nini naamini tangazo lile linanihusu.

Fundi wa baridi wa rika langu hakupata nafasi ya kuzeeka na ujuzi mmoja. Nilipomaliza mafunzo ya ufundi Chang'ombe mwaka 1995, jokofu nyingi tulizozitengeneza zilikuwa na gesi ya R-12. Mkataba wa Montreal ulikuwa umeshasainiwa tangu 1987, na ilipofika 2010 gesi hiyo ikawa imeondolewa hata katika nchi zinazoendelea. Nikahamia R-134a na R-404A, zenye oili tofauti kabisa. Vyumba baridi vingi navyo vilikuwa vya R-22, na hiyo nayo inaondoka: kwa nchi kama yetu matumizi yalitakiwa kupunguzwa kwa asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 ibaki kidogo tu ya kuhudumia mitambo ya zamani. Sasa zamu ni ya R-290 na R-600a, gesi zinazowaka moto. Kila badiliko lilinirudisha darasani. Kuna wenzangu walioacha kazi hii kwa sababu hawakutaka kuanza tena. Mimi nimeanza upya mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na miaka 52.

Mwaka huo, 2023, nilifunga karakana yangu kwa wiki nzima nikaenda kujifunza gesi zinazowaka, kwa gharama yangu. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, akiwemo mwalimu. Nilirudi na vitu ambavyo sasa sifanyi kazi bila ya kuwa navyo: kitambua-uvujaji cha gesi zinazowaka, mizani inayosoma gramu, na kanuni ya kutowasha kibomba cha kuchomelea kabla gesi yote haijatolewa na bomba kusafishwa kwa naitrojeni. Jokofu dogo la R-290 huwa na gramu 150 au pungufu. Huwezi kujaza kwa kukisia ukishika bomba kwa mkono kama tulivyozoea zamani. Unapima.

Kuhusu uzoefu wenyewe. Kuanzia 1996 hadi 2014 nilikuwa Mwanza, katika kiwanda cha minofu ya sangara. Nilianza kama msaidizi wa fundi na nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu ya mitambo ya baridi, nikiwa na cheti cha majaribio ya ufundi Daraja la Kwanza. Samaki wa kuuzwa Ulaya hawana msamaha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, kazi ilisimama, nasi mafundi tukautumia muda ule kufungua kompresa moja baada ya nyingine na kuzisoma hadi ndani. Sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu vali na bearingi nilikipata miezi ile.

Nitawaambia pia kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe fundi ninayeomba kazi leo. Mwaka 2003 niliacha kopo la oili ya poliesta wazi usiku mmoja wa mvua, asubuhi nikaitia kwenye kompresa. Oili ile hunyonya unyevu hewani. Baada ya wiki tatu kompresa iliungua, na tulipoifungua oili ilikuwa nyeusi, inanuka asidi. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wangu nikamweleza kilichotokea kabla hajauliza. Tangu siku ile, mtambo wangu hauwashwi mpaka vakyumu ishuke chini ya maikroni 500, pampu ifungwe, nami nikae niitazame geji kama inapanda. Kijana anayefanya kazi nami anajua kwamba muda ule haufupishwi, hata mwenye mali akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

Tangu 2014 nimejiajiri hapa Iringa. Nahudumia matangi ya kupozea maziwa, mabucha, jokofu za chanjo ambazo lazima zibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na vyumba baridi vya mboga. Kazi hii ndiyo iliyonifundisha kompyuta. Wateja wangu wako mbali mbali, na nauli ya kwenda kuangalia tu ingenifilisi, kwa hiyo nilianza kufunga sensa zinazotuma joto kwenye simu. Leo nina vyumba 6 ninavyovifuatilia kwa njia hiyo. Simu inalia joto likivuka kiwango, nafungua grafu kabla sijavaa viatu.

Mfano mmoja wa Novemba iliyopita unaeleza vizuri ninavyofanya kazi. Mwenye chumba cha mboga pale Mafinga alinipigia akisema joto linapanda hadi nyuzi 11 kila alfajiri. Mafundi wawili walishafika kabla yangu, na kila mmoja aliongeza gesi. Sikufungua gesi. Niliomba rekodi ya joto ya siku saba, nikaona kupanda kunaanza dakika ile ile kila siku. Tatizo la gesi haliangalii saa. Nilipanda kwenye evaporeta nikakuta sensa ya kuyeyusha barafu imechomoka kwenye kishikizo chake. Hita zilikuwa zinawaka dakika 45 nzima wakati barafu ilikuwa imekwisha ndani ya dakika 15, na muda uliobaki zilikuwa zinapasha mboga. Nilirudisha sensa mahali pake, nikarekebisha mipangilio kwenye kidhibiti, kisha nikatoa gesi iliyozidi na kuiweka kwenye mtungi wa kurejeshea. Usiku uliofuata joto halikuvuka nyuzi 6. Ngazi nilipanda mimi, grafu nilisoma mimi, na fundi wa zamani na wa sasa wote walihitajika pale.

Parachichi ni zao ninalolijua kwa namna nyingine pia, kwani nimekulia Njombe na ndugu zangu wanalima Hass. Najua kwamba tunda lililochumwa bado linapumua na kutoa joto lake, kwa hiyo chumba kinachotosha matunda yaliyokwisha kupoa hakitoshi matunda yaliyotoka shambani mchana huo. Najua pia kwamba kuzidisha baridi ni hasara sawa na kupungukiwa: Hass huhifadhiwa karibu na nyuzi 5 hadi 7, na likishushwa sana nyama yake hugeuka kahawia ndani huku ganda likionekana zima. Mnunuzi hulikuta hivyo akiwa amekwisha kulipia. Nikipata kazi hii, jambo la kwanza nitakaloomba kuliona ni sehemu ya kupozea kwa upepo kabla ya chumba cha kuhifadhia, kwa sababu huko ndiko mzigo mkubwa wa mitambo ulipo siku za mavuno. Nitaomba pia rekodi zenu za joto za msimu uliopita, kama zipo, nizisome kabla sijashika spana.

Kuhusu kazi ya usiku, mwezi uliopita pekee nilitoka mara nne baada ya saa sita usiku, mara mbili kwa pikipiki. Nilipimwa afya Septemba na majibu nimeyaambatisha, ingawa hamkuyaomba. Sidai kwamba nina mwili wa miaka 25. Siku hizi sibebi kompresa begani, natumia winchi, na nawaagiza vijana wafanye hivyo hivyo, kwa kuwa mgongo ulioumia haufanyi kazi msimu wa pili.

Tangazo linataja pia kufundisha mafundi wachanga. Hili liko moyoni mwangu kuliko mengine yote. Kwenye karakana yangu wamepita vijana watano. Wawili wamefungua karakana zao, na mmoja wao, binti wa miaka 23, ndiye aliyenifundisha kupanga ratiba ya matengenezo kwenye Excel ili tarehe zilizopita ziwe nyekundu zenyewe. Nilimfundisha kuchomelea shaba huku naitrojeni ikipita ndani ya bomba ili lisifanye masizi. Hatukuona haya kufundishana. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na hadi hapo nina zaidi ya misimu mitano ya kuwatumikia. Ninachoahidi ni kwamba mwisho wa msimu wa pili mtakuwa na mafundi wawili wanaoweza kuendesha kituo wiki nzima bila kunipigia simu, pamoja na daftari la kila mtambo: gesi yake, uzito wake, tarehe ya kila vakyumu, kila kilichobadilishwa na sababu yake.

Mshahara mlioutaja kwenye tangazo naukubali. Nitahamia Makambako, na mke wangu ameshakubali. Karakana ya Iringa ataiendeleza kijana wangu wa kazi, nami nitahitaji wiki tatu za kumkabidhi wateja.

Nina ombi moja juu ya usaili. Pamoja na maswali ya mezani, naomba nipewe mtambo wenu wowote unaowasumbua, kwa siku moja, mbele ya fundi mnayemwamini. Nitakuja na geji zangu za kidijitali, kitambua-uvujaji na mizani. Nitaandika nilichokikuta na ninachopendekeza, na karatasi hiyo itabaki kwenu hata kama nafasi mtampa mwingine.

Naweza kufika siku yoyote ya wiki mkinijulisha siku moja kabla. Namba yangu ya simu na za wadhamini watatu ziko kwenye wasifu.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Festo A. Mgaya

Viambatisho: wasifu, nakala ya cheti cha Daraja la Kwanza, nakala ya cheti cha mafunzo ya gesi zinazowaka, 2023, majibu ya afya, Septemba 2025, kurasa mbili za rekodi ya joto ya chumba cha mboga, Mafinga, kabla na baada ya matengenezo, kwa ruhusa ya mwenye mali.