Kontena la Krismasi: mizigo ifike Barking kabla ya Alhamisi, 25 Septemba

Ndugu viongozi na wanachama wa vikundi vya Watanzania wa London, Reading, Leicester na Birmingham,

Habari za siku. Kontena letu la futi 40 la kwenda Dar es Salaam tunalijaza Jumamosi, 27 Septemba 2025. Mzigo utakaochelewa utasubiri kontena la Novemba, na huo msiuahidi nyumbani kuwa wa Krismasi. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zinakwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini, kwa hiyo sisi tunahesabu wiki 8 hadi 10 mpaka mtu achukue pipa lake Kurasini. Zamani tulikuwa tunasema 6.

Bei haijapanda: pipa la lita 220 ni pauni 95, na ushuru wa vitu vya matumizi ya nyumbani umo humo. Friji, televisheni na mashine za biashara tunazipigia hesabu mbali. Tutumieni picha kwanza. Kikundi kikikusanya mapipa 10 mahali pamoja, gari letu litakuja kuyachukua bila malipo.

Sasa lililotuumiza mwezi Mei. Pipa moja liliandikwa “nguo”, basi. Forodha walipolifungua, juu kulikuwa na mashuka, katikati viatu vya watoto, na chini kabisa, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, mtungi mdogo wa gesi ya kupigia kambi. Aliyeuweka hakuwa na nia mbaya, alimwonea huruma mama yake na mkaa. Lakini kontena zima lilikaa siku 11, na gharama za kukaa bandarini tukazilipa sisi. Safari hii hatutazilipa.

Kwa hiyo kila pipa lije na orodha: kitu, idadi, kipya au cha mtumba. “Mashuka 6, mtumba. Viatu jozi 9, vipya.” Ukiandika “vitu mbalimbali” tutakufungulia hapa hapa ghalani, mbele yako. Gesi, rangi, petroli na betri za kuchaji zisizokuwa ndani ya kifaa chake hatupokei. Nguo za ndani za mtumba ni marufuku Tanzania, hata kama zimefuliwa na kupigwa pasi. Manukato na dawa, tuulizeni kabla ya kufungasha.

Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. “Mama Asha, Mbagala” tunao wanne.

Viongozi, tunaomba idadi ya mapipa ya kikundi chako ifike kwetu ifikapo Ijumaa, 19 Septemba, kwa kujibu barua pepe hii. Mapipa matupu yapo ghalani, pauni 20 moja, na kufuli tunalitoa sisi. Ghala linafunguliwa Jumanne hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Wenu,
Dawati la mizigo ya Dar es Salaam
Ghala la Barking, London